Kazi ya ng'ambo haikuwapo: namna ya kudai pesa zako kwa ajenti

Chini ya risiti nyingi zinazoletwa kwenye dawati letu la msaada wa kisheria kuna mhuri wa wino mwekundu: PESA IKISHALIPWA HAIRUDISHWI. Mtu hunyoosha kidole kwenye mhuri huo, kisha huniuliza kwa sauti ya chini kama kuna haja ya kuendelea. Haja ipo. Maneno hayo yanaweza kumsaidia ajenti aliyefanya kazi aliyolipwa kuifanya, kisha ubalozi ukakataa viza. Hayamsaidii aliyechukua pesa kwa kazi ambayo haikuwapo tangu siku ya kwanza. Hakuna alichokuuzia, na aliyoyasema ili utoe pesa yalikuwa uongo. Mkataba uliopatikana kwa uongo haumlindi aliyeusema.

Kwa hiyo madai ya kurudishiwa pesa husimama au huanguka kwa swali moja: kazi ilikuwapo au haikuwapo? Wengi wanaokuja kwetu hawajalijibu. Wanasema "nimengoja miezi minane". Kungoja peke yake hakuthibitishi utapeli, na ajenti analijua hilo. Ndiyo maana kila ukipiga simu anakuambia viza iko njiani.

Tuchukue mfano, nimeuunga kutokana na mambo tunayoyaona mara kwa mara hapa Kenya. Kijana wa Nakuru anaahidiwa kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala huko Doha, Qatar. Analipa shilingi 5,000 za usajili kwenye Paybill ya kampuni. Analipa 12,000 hospitalini kwa vipimo. Anatuma 95,000 za "viza" kwa M-Pesa, kwenye simu ya dada aliyemhudumia ofisini. Mwisho anapeleka 40,000 taslimu za tiketi, na hapewi risiti. Jumla ni 152,000. Tarehe ya kusafiri inasogezwa mara nne, kisha simu zinaacha kupokelewa.

Kabla ya kuandika neno lolote kwa ajenti, kijana huyu anatafuta ushahidi kwamba kazi haikuwapo. Barua ya kazi aliyopewa ina jina la kampuni ya kweli ya Doha, lakini anwani ya barua pepe iliyo chini yake ni ya Gmail. Haandikii anwani hiyo. Anaifungua tovuti ya kampuni yenyewe, anachukua anwani iliyoko humo, anatuma picha ya barua na kuuliza kama wao ndio walioitoa. Wakijibu kwamba hawaitambui, jibu hilo moja lina uzito kuliko malalamiko ya kurasa kumi. Nambari ya viza aliyopewa anaiweka kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Qatar, ambayo ina sehemu ya kuulizia viza kwa nambari yake au kwa pasipoti. Isipoonekana, anapiga picha ya skrini yenye tarehe.

Halafu anakwenda ofisi ya leba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uandikwe kwa fomu maalum, utiwe saini na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba. Afisa huyo hapaswi kuuthibitisha kabla ya kuridhika kwamba mfanyakazi ameuelewa na hakudanganywa wala kulazimishwa. Kifungu cha 86 kinafanya kuwa kosa kumshawishi mtu aende kufanya kazi nje bila mkataba wa namna hiyo. Kwa hiyo muulize ajenti kwa maandishi: mkataba wangu ulithibitishwa na afisa gani, na lini? Sijaona ajenti wa kazi hewa aliyelijibu swali hilo. Wakati huohuo tazama kwenye mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, neaims.go.ke, kama kampuni imesajiliwa. Lakini usajili usikutulize: kampuni yenye leseni halali inaweza pia kuuza kazi isiyokuwapo. Faida ya kuwa na leseni ni kwamba Mamlaka ina kitu cha kumnyang'anya, na ukilalamika kwao ajenti anaweza kuitwa ajieleze.

Sasa pesa. Usidai "152,000" kwa mkupuo. Kila malipo yana njia yake ya kuthibitishwa. Zile 5,000 ni rahisi, ziliingia Paybill ya kampuni. Toa taarifa ya M-Pesa kupitia *334#, maana ujumbe wa simu hupotea siku simu ikiibwa. Zile 12,000 za vipimo hazikufika kwa ajenti, na hospitali ilikupima kweli, kwa hiyo hazidaiwi kama pesa alizopokea. Zinadaiwa kama hasara: usingepimwa kama asingekudanganya. Ukizichanganya na nyingine, ajenti atazikana hizo na kujaribu kutilia shaka zote.

Zile 95,000 ndizo zinazozua ubishi. Kampuni itasema: "Huyo dada si mfanyakazi wetu, alipokea mwenyewe." Hapo ndipo vitu vidogo vinapokuwa na kazi. Ni nani aliyetia saini risiti ya usajili? Nambari iliyopokea pesa ni ileile iliyochapwa kwenye kadi ya kampuni? Ulikutana naye wapi, akiwa amekaa kwenye meza gani? Kampuni iliyomweka mtu ofisini mwake awahudumie wateja haiwezi kumkana kirahisi pesa zikishaliwa. Hata hivyo, wadai wote wawili, kampuni na aliyepokea, ili kila mmoja asije akasukuma deni kwa mwenzake. Majina ya wakurugenzi utayapata kwenye hati ya CR12, inayoombwa kupitia eCitizen.

Na zile 40,000 taslimu? Watu wengi huzikatia tamaa, na mimi huwaambia wafungue WhatsApp wapande hadi siku ile. Kwenye mfano wetu kuna ujumbe wa saa tisa alasiri: "Nimepata ile 40 ya tiketi, ngoja tarehe." Asubuhi ya siku hiyohiyo taarifa ya Sacco inaonyesha alitoa 45,000. Kaka yake alimsindikiza na yuko tayari kusema. Hiyo ni risiti tosha. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu kabla ya kuyahifadhi, na piga picha ya skrini ikionyesha nambari ya anayeandika, si jina ulilomhifadhia tu.

Ndipo unapoandika barua ya madai. Ukurasa mmoja unatosha:

"Kati ya tarehe kadha na kadha nililipa ofisi yenu Sh140,000 kwa kazi ya ghala huko Doha, kama jedwali lilivyo hapa chini. Kampuni mliyoitaja imenijibu kwa maandishi kwamba haikutoa barua hiyo ya kazi. Nadai nirudishiwe Sh140,000, pamoja na Sh12,000 nilizotumia kwa vipimo kwa sababu ya maelezo yenu, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, kwenye akaunti ifuatayo. Mkishindwa, nitafungua madai mahakamani na kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira bila kuwaarifu tena."

Barua nyingi tunazoziona zina makosa mawili. La kwanza ni vitisho. Usiandike kwamba utamfunga, utamwanika mtandaoni, au utakuja na vijana. Barua hiyo ataisoma mwamuzi, na wewe ndiye unayetaka kuonekana mwenye haki. La pili ni kunakili yale maneno ya Kiingereza ya mawakili yenye maana ya "bila kuathiri haki" na kuyaweka juu ya barua. Maneno hayo huwekwa kwenye mazungumzo ya suluhu ambayo pande mbili hazitaki yasomwe mahakamani. Wewe unataka barua yako isomwe. Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri. Wakikataa kuipokea, itume kwa barua pepe na WhatsApp, na uandike tarehe, saa na jina la aliyekataa.

Mara nyingi barua hiyo huleta simu siku ileile. Ajenti anaomba mkae chini, atalipa kidogo kidogo. Kubali kwa sharti moja, aandike na kutia saini kwamba anadaiwa na wewe kiasi fulani na atalipa tarehe fulani. Karatasi hiyo inamaliza ubishi wote wa nani alipokea. Akikupa hati yake yenye maneno "nimepokea na sina madai mengine" pamoja na 20,000, usitie saini, hata kama una shida ya kodi ya nyumba. Andika risiti yako: "malipo ya sehemu, bado Sh132,000." Cheki ya tarehe ya mbele nayo isikupumbaze. Watu hudhani ikirudi bila pesa mtoaji atakamatwa moja kwa moja, lakini kifungu cha Kanuni ya Adhabu kuhusu kutoa cheki kwenye akaunti isiyo na pesa za kutosha kinaziacha nje cheki za namna hiyo.

Siku 14 zikipita kimya, kiasi kama hiki kinafaa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sheria yake ya mwaka 2016 inataja wazi madai ya pesa zilizopokewa na kushikiliwa na mtu mwingine. Huhitaji wakili, unaweza kujieleza kwa Kiswahili, na mahakama haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi, kwa hiyo ule ujumbe wa "ile 40 ya tiketi" utasomwa. Sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Pale ambapo mahakama hiyo haijafika, nenda kwa mahakama ya hakimu.

Polisi nao uwaone. Kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni hadi miaka mitatu. Chukua nambari ya OB. Lakini usikae ukingoja kesi ya jinai ikurudishie pesa. Kazi yake ya kwanza ni kuadhibu, na fidia ni juu ya mahakama kuamua. Kesi hizi mbili zinaweza kwenda sambamba.

Ninalohimiza zaidi ni mwendo. Hukumu ni karatasi mpaka upate mali ya kuikamata, na ofisi za namna hii huhama usiku: leo ghorofa ya tatu, wiki ijayo mlango una kufuli na bango limeng'olewa. Kwa hiyo tangu mapema andika nambari ya Paybill, benki ya kampuni, na nambari ya gari la mkurugenzi ukiiona. Ukishinda, unaweza kuiomba mahakama iamuru benki ikulipe kutoka kwenye akaunti hiyo, au dalali wa mahakama akamate mali.

Kama pasipoti yako iko kwao, idai kwa barua ya pekee. Ni mali ya serikali, na ajenti hana haki ya kuishikilia hadi "mmalizane". Wakikuambia uichukue pamoja na kutia saini kwamba umesamehe deni, ondoka, rudi na afisa wa polisi.