Igizo la dakika tano: kushuka daladala na kuvuka barabara

Walimu wengi wa darasa la kwanza wakiandaa igizo la usalama barabarani hutaka kumaliza kila kitu kwa siku moja: taa, alama, trafiki, kofia ngumu, mkanda. Mtoto wa miaka sita hutoka hapo akikumbuka king'ora tu. Igizo lililo hapa chini linashughulikia jambo moja, dakika ile mtoto anaposhuka daladala na shule iko ng'ambo. Mandhari yake ni kituo chochote cha Moshi mjini ambako Haisi hushusha wanafunzi na bodaboda hazina subira.

Hatari ya dakika hiyo iko hivi. Mtoto anashuka kushoto, anazunguka mbele ya gari, anachomoka upande wa pili. Kimo chake ni mita moja na kidogo, kwa hiyo Haisi imemficha mzimamzima. Pikipiki inayoipita daladala kutoka nyuma haimwoni, naye haioni. Kwa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hiyo inakata karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akishachomoka, breki haina nafasi tena. Ndiyo maana sentensi inayobeba igizo zima ni hii: daladala iondoke kwanza.

Anza na sakafu kabla ya maneno. Chora kwa chaki barabara yenye upana wa mita tatu, sambamba na ubao, na mstari katikati. Daladala itokee mkono wa kushoto wa watazamaji, ipite njia iliyo karibu na ubao, isimame katikati ya darasa. Hapo mlango wake utatazama ubao, abiria watashukia huko, na wakivuka watakuwa wanawatazama wenzao, hivyo sauti zitasikika. Ukiitokeza mkono wa kulia huku ukiiacha njia ileile ya karibu na ubao, tayari umeendesha gari upande usio wa Tanzania, na “kulia kwanza” ya watoto itakuwa inatazama mahali ambapo hatari ya kwanza haitokei.

Kivuko cha pundamilia kichorwe nyuma ya daladala, upande ilikotokea. Michirizi iwe ya chaki. Vipande vya manila huteleza kwenye sakafu ya saruji, na mtoto akianguka juu ya kivuko darasa litacheka mpaka kengele. Daladala yenyewe ni boksi kubwa lililotobolewa chini, au kamba tu iliyozungushwa dereva, konda na abiria.

Wenye kusema ni wanane. Hakuna sentensi inayozidi maneno matano, kwa sababu mtoto huyu bado anajifunza kusoma na atakariri kwa kusikia. Waliobaki wote ni DARASA, wala si mapambo: wao ndio wanaoshika mdundo.

KONDA: Shule hapa! Shusha, suka!

DEREVA: Nimesimama. Shukeni taratibu.

(Mama, Neema na Baraka wanashuka upande wa ubao. Baraka anakwenda mbele ya daladala.)

BARAKA: Shule ile pale! Nakimbia!

NEEMA: Ngoja! Daladala iondoke kwanza!

(Baraka anaganda. Bodaboda inaipita daladala upande wa watazamaji.)

BODABODA: Pipiii! Sikuwaona! Daladala imewaficha!

DARASA: Iondoke kwanza! Iondoke kwanza!

(Baraka anarudi kwa Mama.)

KONDA: Twende, suka!

(Daladala inaondoka. Mama anawapeleka kwenye kivuko.)

MAMA: Nipeni mikono. Tusimame hapa.

DARASA: Simama! Tazama! Sikiliza!

NEEMA: Kulia, barabara tupu.

BARAKA: Kushoto, lori linakuja!

MAMA: Tusubiri lisimame.

LORI: Nguuu… nguuu… Nimesimama. Piteni.

NEEMA: Kulia tena. Tupu!

DARASA: Tunatembea! Hatukimbii!

(Wanavuka wameshikana mikono. Mwalimu yuko ng'ambo.)

NEEMA NA BARAKA: Shikamoo, mwalimu!

MWALIMU: Marahaba. Karibuni darasani.

Baraka anapokimbilia mbele ya daladala, mguu wake usivuke mstari wa katikati hata mara moja. Wapo wanaopenda Baraka agongwe ili “somo liingie”. Kinachoingia ni kicheko, na mapumziko yakifika utakuta watoto kumi uwanjani wanacheza mchezo wa kugongwa. Umri huu hushika kitendo kuliko onyo, kwa hiyo kitendo kinachoonekana kiwe kile unachotaka wakirudie: kuganda, kurudi, kushika mkono. Kwa sababu hiyohiyo, anayeigiza Bodaboda apite mara moja na kukaa. Ukimwachia azunguke na mlio wake, yeye ndiye atakuwa shujaa wa igizo.

Mama hakuwekwa ili kujaza nafasi. Mtoto wa miaka sita anaweza kuliona lori na kulitaja, lakini kukadiria mwendo wake na umbali wake hajaweza bado. Ndiyo maana igizo halimfundishi kupenya kati ya magari. Linamfundisha kungoja lisimame huku ameshika mkono wa mkubwa. Usimwondoe Mama kwa kuwa wahusika wamekuwa wengi. Afadhali Dereva abaki bila maneno.

Mazoezi manne ya robo saa yanatosha. La kwanza ni la DARASA peke yake, wakipiga makofi kwa mistari yao mitatu. La pili ni la mwendo bila maneno: kushuka, kuganda, kurudi, kwenda kwenye kivuko, kuvuka. Maneno yaingie zoezi la tatu, likiwa limebaki la kuunganisha. Wanaochanganya kulia na kushoto, nao ni wengi, wafunge utepe mwekundu mkono wa kulia. Nawe ukiwaonyesha, simama ukitazama wanakotazama wao. Ukiwakabili, mkono wako wa kulia uko upande wa kushoto kwao, na utakuwa umewavuruga kwa mkono wako mwenyewe.

Kosa lililojificha kuliko yote ni kichwa kinachogeuka huku macho hayaoni. Neema anageuka kulia, anasema “tupu”, lakini ameimba tu. Lipime hivi: mweke mtoto mmoja kila mwisho wa barabara ya chaki, awe na kadi mbili, nyekundu na ya kijani. Anayevuka akigeuka, kadi moja inainuliwa, naye ataje rangi yake kabla ya kuendelea. Baada ya hapo badilisha mpango bila kuwaambia: lori litokee kulia, au lisitokee kabisa. Baraka akisema “Kushoto, lori linakuja!” na kushoto hakuna kitu, amekariri shairi. Mrudishe kwenye kadi siku mbili, kisha umjaribu tena.

Hata atakayefaulu darasani hajafaulu barabarani, kwa sababu kwenye chaki hakuna kelele, jua la usoni wala gari lililoegeshwa juu ya kivuko. Watoke watatu watatu na mwalimu mpaka kituo kilicho karibu na shule, wasimame hatua mbili kutoka ukingo wa lami, wasivuke. Daladala ikisimama, waulize: “Upande wake wa pili kuna nini?” Jibu unalolitafuta ni “Sioni.” Anayejibu “Hakuna kitu” bado yuko pale Baraka alipokuwa kabla ya kuganda, huyo aendelee kuvushwa kwa mkono, na mzazi wake aambiwe siku hiyohiyo.