Posho ya Kujikimu: Mkaguzi Hatafuti Risiti ya Hoteli, Anatafuta Usiku Uliolala Nje ya Kituo

Kila tunapokaribia kufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, vitengo vya ukaguzi wa ndani katika halmashauri hupokea malalamiko yanayofanana. Watumishi husema kwamba wakaguzi wanawadai risiti za hoteli na za chakula, kwamba safari iliyoidhinishwa na Afisa Masuuli haipaswi kuhojiwa tena, na kwamba posho ikishaingia kwenye akaunti ni mali ya mtumishi. Kwa kuwa malalamiko haya yameongezeka, na kwa kuwa mengi yanatokana na kutofahamu kinachopimwa, ni vyema kueleza jinsi madai ya posho ya safari za ndani yanavyokaguliwa.

Posho ya kujikimu hulipwa kwa kiwango maalumu kwa kila usiku ambao mtumishi analazimika kulala nje ya kituo chake kwa kazi ya mwajiri. Kwa kawaida mkaguzi hahitaji kujua ulilala nyumba gani ya wageni wala ulikula nini, na ukilala kwa ndugu yako ukabakiwa na fedha, hilo si hoja. Kinachopimwa ni mambo matatu tu: kwamba ulisafiri kweli kwa kazi iliyoidhinishwa, kwamba kiwango ulicholipwa ndicho kilichokuwa kikitumika kwa cheo chako siku hizo, na kwamba usiku huohuo haukulipwa mara mbili. Mtumishi anayeleta bahasha ya risiti za chipsi na maji huku hana ripoti ya safari wala orodha ya mahudhurio amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Nyaraka za safari husomwa kwa mfuatano wa tarehe zake. Barua ya mwaliko hutangulia, hufuata dokezo la kuomba kibali na idhini yake, kisha hati ya malipo, halafu tiketi ya basi au daftari la safari za gari, orodha ya mahudhurio, na mwisho ripoti. Mfuatano ukivurugika, kwa mfano idhini ikawa na tarehe ya baada ya safari, mkaguzi husimama hapo na kuuliza. Hilo halimaanishi kwamba kuna wizi, kwa sababu dharura zipo, lakini dharura nayo huandikwa. Vilevile, barua ya mwaliko husomwa hadi mwisho, maana mara nyingi aya ya mwisho ndiyo inayotaja nani atagharamia malazi, chakula na nauli. Pale mwandaaji anapogharamia, stahiki ya mtumishi kutoka kwa mwajiri hupungua kwa mujibu wa kanuni na nyaraka za utumishi, na kulipwa kiwango kamili katika hali hiyo ni kulipwa zaidi.

Kuhusu kiwango, jambo linalosumbua zaidi ni tarehe. Serikali ilipandisha viwango vya posho ya kujikimu kwa safari za ndani kuanzia Julai 2022, ambapo kiwango cha chini kilitoka shilingi 80,000 na kufikia shilingi 100,000. Mtumishi aliyesafiri Juni mwaka huo na kulipwa Agosti alistahili kiwango cha zamani, kwa sababu kinachoamua ni siku ya safari na wala si siku ya malipo. Hali ni hiyohiyo kwa aliyepandishwa cheo: mkaguzi hulinganisha tarehe ya kuanza kwa cheo kipya na tarehe ya safari, hata kama barua ya cheo ilifika baadaye.

Sasa tufike kwenye madai yanayojirudia, ambayo ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wengi hudhani dai lililojirudia ni hati mbili zenye jina moja, kiasi kimoja na safari moja. Mifumo ya malipo kama MUSE imesaidia sana kufuatilia malipo, na ni nadra siku hizi kukuta hati hiyohiyo imelipwa mara mbili. Kinachojirudia ni usiku. Safari mbili tofauti, zenye vibali viwili halali, zikilipwa kutoka vifungu viwili tofauti vya bajeti, zinaweza kubeba usiku uleule, na kila jalada likisomwa peke yake halina kasoro yoyote.

Nitatumia mfano wa kubuni, ingawa kila kipande chake ni cha kawaida katika kazi hii. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri moja mkoani Iringa alialikwa kwenye mafunzo Dodoma, kuanzia Jumatatu tarehe 10 hadi Ijumaa tarehe 14 Machi. Aliidhinishiwa kuondoka Jumapili tarehe 9 na kurudi Jumamosi tarehe 15, akalipwa siku saba kwa kiwango cha shilingi 100,000, yaani shilingi 700,000. Kosa la kwanza linaonekana kabla ya kufungua nyaraka nyingine. Ukihesabu usiku, kuanzia wa tarehe 9 hadi wa tarehe 14, unapata sita. Usiku wa tarehe 15 ameshafika nyumbani. Aliyeandaa dokezo alihesabu siku badala ya usiku, na mhasibu aliyelipitia akalipitisha. Kosa hili ni dogo kwa mtu mmoja, ila kwa timu ya watu kumi na wawili wanaosafiri kila robo mwaka ni fedha nyingi.

Mwezi huohuo, kutoka fungu lingine, afisa huyu alilipwa shilingi 200,000 za usiku wa tarehe 13 na 14 kwa ufuatiliaji wa vikundi vilivyopata mikopo ya halmashauri katika kata ya mbali. Malipo haya hayakuwa katika jalada la mafunzo, wala jina la shughuli halikufanana. Yalipatikana kwa sababu mkaguzi alikusanya malipo yote ya posho ya robo hiyo kutoka mafungu yote katika jedwali moja la kompyuta. Safu ya A iliwekwa namba ya cheki ya mtumishi, B jina, C usiku wa kwanza uliolipwa na D usiku wa mwisho uliolipwa, kisha safu ya E ikaandikwa kanuni hii na kushushwa hadi mwisho wa jedwali:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,C:C,"<="&D2,D:D,">="&C2)
```

Kanuni hii huhesabu malipo ya mtumishi huyohuyo ambayo yalianza kabla au siku ya mwisho wa malipo haya, na yakaisha baada au siku ya kuanza kwake. Jibu likiwa 1, malipo hayo yamejihesabu yenyewe tu. Likizidi 1, kuna usiku unaogongana. Hutumika namba ya cheki kwa kuwa majina huandikwa kwa namna nyingi, na hutumika usiku badala ya siku ya kuondoka na kurudi kwa sababu mtu anaweza kurudi asubuhi kutoka safari moja na kuondoka jioni kwa nyingine bila kosa lolote. Tarehe nazo ziwe zimeingizwa kama tarehe. Zikiwa maandishi ya kawaida, kanuni haitazitambua na mgongano utapita kimya.

Jedwali huonyesha pa kuuliza, halihukumu. Mkaguzi alimwomba mwandaaji wa mafunzo, kwa barua, nakala ya orodha ya mahudhurio ya siku zote. Afisa alikuwa amesaini asubuhi na alasiri tarehe 10 na 11, lakini tarehe 12 alisaini asubuhi tu, na tarehe 13 na 14 hakusaini. Daftari la safari za gari la idara lilionyesha kwamba gari liliondoka makao makuu ya halmashauri tarehe 13 saa 2 asubuhi kuelekea kata ile, yeye akiwa miongoni mwa abiria waliosaini, na likarejea tarehe 15. Kwa hiyo alirudi kutoka Dodoma tarehe 12 mchana, na usiku huo alilala kwake.

Hesabu ikawa hivi. Dodoma alistahili usiku wa tarehe 9, 10 na 11, yaani shilingi 300,000. Katani alistahili usiku wa tarehe 13 na 14, yaani shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 500,000, ilhali alilipwa 900,000. Ziada ya shilingi 400,000 ina sehemu tatu: 100,000 za kuhesabu siku badala ya usiku, 100,000 za usiku aliolala nyumbani, na 200,000 za usiku mbili zilizolipwa mara mbili.

Alipoulizwa, afisa alieleza kwamba mkuu wake wa idara alimwita arudi haraka. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli na yalithibitishwa. Hata hivyo, hayakuondoa hoja, kwa sababu kuitwa kurudi ni sababu ya kukatisha safari na si sababu ya kubaki na posho ya usiku ambao haukulalwa nje. Hapa nasisitiza, maana jibu la «nilitumwa na bosi» tunaletewa kila mara kana kwamba linafunga mjadala.

Tofauti ya hali hii na jinai iko kwenye nyaraka. Kama afisa yule angeomba mwenzake amsainie mahudhurio ya tarehe 13 na 14, suala lisingekuwa tena la kurejesha fedha. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamgusa mtu anayetumia risiti, hati ya malipo, dokezo au taarifa ya kielektroniki yenye maelezo ya uongo kwa nia ya kumdanganya mwajiri wake, na kinamgusa pia aliyempa hati hiyo akijua. Adhabu iliyowekwa katika kifungu hicho ni faini isiyozidi shilingi milioni saba, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Anayemsainia rafiki yake kwa kumwonea huruma anaingia humo pamoja naye.

Ukaguzi huu una mipaka yake. Fedha anazolipwa mtumishi moja kwa moja na shirika lisilo la kiserikali kupitia simu hazionekani katika mifumo ya halmashauri, na ndiyo maana barua ya kuthibitisha kwa mwandaaji haikwepeki. Saini zinazofanana mwandiko, au tiketi za basi zenye namba zinazofuatana kwa watu waliodai kusafiri siku tofauti, ni dalili za kuulizia. Hazitoshi kumtia mtu hatiani.

Kwa mtumishi ambaye safari yake imekatishwa, utaratibu ni mfupi. Aandike dokezo kwa Afisa Masuuli akitaja tarehe aliyorudi na sababu, aombe namba ya malipo ya Serikali kwa Mweka Hazina, alipe kiasi cha usiku uliobaki kupitia benki au simu, kisha aambatishe stakabadhi na ripoti kwenye jalada lilelile la safari. Asimkabidhi mtu fedha taslimu, hata akiwa mhasibu anayemwamini, kwa sababu malipo yasiyo na namba hayataonekana kwenye mfumo na mkaguzi atayahesabu kuwa hayajarejeshwa.