Saini ya nyuzi 150 ipo: dhana potofu kuhusu duara la nusukipenyo 1

Kwenye tuisheni za Dar es Salaam, iwe Mbagala au Tegeta, mwanafunzi akiulizwa sin 150° hukimbilia kitabu cha majedwali. Anakuta jedwali la saini limeishia nyuzi 90, basi anakwama. Jedwali halina kosa. Kinachomkwamisha ni picha ya saini aliyonayo kichwani.

Dhana potofu: saini na kosaini ni za pembetatu yenye pembe mraba tu.

Ukweli ni kwamba pembetatu ni pa kuanzia tu. Ndani yake pembe nyingine mbili haziwezi kufika nyuzi 90, kwa hiyo maana ya saini nayo inagotea hapo. Duara ndilo linalofungua njia. Chora mhimili wa x na wa y, kisha duara lenye nusukipenyo 1 ambalo kitovu chake kipo mihimili inapokatana. Weka nukta upande wa kulia, kwenye (1, 0), uizungushe kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Popote itakaposimama, x yake ndiyo kosaini ya pembe uliyozungusha, na y yake ndiyo saini.

Kwa pembe ndogo majibu ni yaleyale ya zamani: ukishusha mstari wima kutoka kwenye nukta hadi mhimili wa x, unapata pembetatu ambayo upande wake mrefu ni 1, na kugawa kwa 1 hakubadilishi kitu.

Lifanye kwa mkono. Kwenye karatasi ya grafu chora duara la nusukipenyo sm 5, yaani mm 50, halafu pima nyuzi 150 kwa protrakta. Nukta itaangukia kushoto na juu: takriban mm 43 kushoto kwa kitovu, na mm 25 juu yake. Gawa kila kimoja kwa 50. Kosaini inakuja −0.86 na saini 0.5. Hesabu kamili ya kosaini ni −0.8660, kwa hiyo penseli na rula vimekufikisha karibu sana. Hapo pia inaonekana kwamba nusukipenyo si lazima kiwe 1 kwenye karatasi. Gawa tu vipimo vyako kwa nusukipenyo ulichochora.

Kuna njia ya kuhakiki: 43² + 25² ni 2474, na 50² ni 2500. Yamekaribiana, maana yake nukta ipo kwenye duara. Lakini uhakiki huo haukamati kila kosa. Aliyesoma safu isiyo yake ya namba kwenye protrakta akaweka nyuzi 30 badala ya 150 atapata jumla ileile. Huyo atagundua kosa kwa kuangalia upande: pembe inayozidi 90 lakini haijafika 180 lazima iwe kushoto, juu.

Dhana potofu: urefu hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo −0.86 ni kosa.

Kosaini hapa haisemi urefu, inasema mahali. Alama ya hasi inakuambia nukta ipo kushoto.

Dhana potofu: saini hutajwa kwanza, basi ndiyo x.

Jipime kwa nyuzi 0. Nukta ipo (1, 0), na sin 0° ni 0. Sifuri hiyo imekaa kwenye y.

Dhana potofu: pembe ikiongezeka maradufu, saini nayo huongezeka maradufu.

Hii ndiyo sugu kuliko zote, kwa sababu sin 0° ni 0 na sin 30° ni 0.5, na mtu anaona ni kama mwendo ulionyooka utakaofika 1 kwenye nyuzi 60. Kumbe sin 60° ni 0.8660. Nyuzi 30 za kwanza zimeinua nukta kwa 0.5, 30 zinazofuata kwa 0.366, na 30 za mwisho kwa 0.134 tu.

Sababu utaiona ukifuata nukta yenyewe. Inapoondoka (1, 0) inaelekea juu moja kwa moja, hivyo karibu mwendo wake wote unaingia kwenye y. Ikikaribia kilele inaelekea kushoto, na mwendo uleule unaingia kwenye x. Ndiyo maana sin 89° ni 0.9998 tayari, wakati cos 89° bado inashuka kwa kasi kuelekea sifuri.

Dhana hii hujianika mtu anapochora grafu ya saini kwa nukta za 0, 90, 180, 270 na 360 pekee, kisha akaziunganisha kwa rula. Anapata kilele chenye ncha, kama paa la nyumba. Aongeze nukta za nyuzi 60, 75, 105 na 120, ambazo saini zake ni 0.8660, 0.9659, 0.9659 na 0.8660, na mstari utalala wenyewe kwa mviringo pale juu.