Displace haitii kivuli: dhana potofu kuhusu nembo juu ya fulana

Dhana: Displace, filta ya Photoshop, ndiyo inayoipa nembo kivuli cha mikunjo.

Haitii kivuli hata kidogo. Kazi yake ni kusogeza pikseli, basi. Unaipa faili ya PSD iwe ramani, nayo inasoma mwangaza wake: kijivu cha 128 hakisogezi kitu, 0 inasogeza hadi mwisho upande mmoja, 255 upande wa pili. Kivuli unakipata kwa kuiweka leya ya nembo kwenye blend mode ya Multiply, ili giza la kitambaa lipenye. Kwa fulana nyeusi usijaribu, Multiply itaimeza nembo yote.

Dhana: nakala yoyote ya picha ya fulana inatosha kuwa ramani.

Hapa ndipo wengi tunapokwama, tena bila kujua. Chukua fulana nyeupe ambayo kitambaa chake kilichonyooka kina mwangaza wa 220. Ukiacha Horizontal Scale na Vertical Scale kwenye 10, msogeo wa juu kabisa ni kama pikseli 13 kwa mlalo na 13 kwa wima. Sasa 220 iko mbali na 128, kwa hiyo nembo nzima inahama kwa mshazari, karibu pikseli 9 kwa mlalo na 9 kwa wima, hata pale pasipo na mkunjo wowote. Tengua Displace kisha uirudishe: ukiona nembo yote imeruka pamoja, tatizo ni ramani.

Dawa yake ni kuiondolea nakala rangi, kisha kwa Levels kukishusha kitambaa kilichonyooka hadi karibu na 128, ili mikunjo ivute pande zote mbili. Halafu Gaussian Blur. Kwenye picha yenye upana wa pikseli 2000 mimi huanzia pikseli 4. Usipoififisha, nyuzi za kitambaa nazo zinahesabiwa, na kingo za herufi zinatoka kama zimetafunwa na panya.

Dhana: nembo unaweza kuihamisha baadaye.

Kwenye leya ya kawaida, ukishaipitisha kwenye Displace mawimbi yamekwishaingia ndani yake. Ivute pikseli 50 na mkunjo uliokuwa kifuani utajikuta umepinda mahali palipo laini. Panga ukubwa na mahali kwanza.

Dhana: kikombe nacho ni Displace tu.

Mviringo unataka Warp. Nembo ya sentimita 8 kwenye kikombe chenye kipenyo cha sentimita 8, ikitazamwa kutoka mbele, inaonekana na upana wa kama 6.7. Sentimita ya katikati inabaki karibu nzima, ila ya pembeni kabisa inabanwa hadi milimita 6 na kidogo. Ukipinda juu na chini bila kubana pembeni, jicho linagundua mara moja.

Ukuta ulionyooka ndio mwepesi: kwa Perspective Warp, fuatisha kingo za mchoro na mistari ya matofali, kisha Displace kidogo tu kwa ajili ya viungio.