Kadi iko mfukoni, lakini pesa zinatoka

"Kadi yangu sijaipoteza na PIN naijua mimi peke yangu. Nitaibiwaje?"

Kununua mtandaoni hakuhitaji kadi yenyewe wala, mara nyingi, PIN. Namba ya kadi, tarehe ya mwisho na tarakimu 3 zilizo nyuma ya kadi zinaweza kutosha.

Chukua mama mwenye duka karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Saa tisa usiku taarifa ya akaunti inaonyesha shilingi 130 kwa kampuni ya ng'ambo asiyoijua. Asubuhi zimerudishwa, naye anapuuza. Kesho yake zinatoka 12,900. Zile 130 zilikuwa jaribio la kuona kama kadi inafanya kazi, na hapo ndipo pa kushtuka. (Kwanza hakikisha si malipo ya kila mwezi uliyosahau; jina la muuzaji huweza kuandikwa tofauti.)

Wengi hukimbilia kubadilisha PIN. Haisaidii, kwa kuwa mwizi hakuitumia. Funga kadi kwenye programu ya benki, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi. Omba kadi yenye namba mpya, na upinge kila muamala kwa maandishi, hata ule wa 130. Akikupigia mtu akitaka msimbo uliotumwa kwa SMS "ili arudishe pesa", kata simu.