Mululuza kwanza, au makohozi yapimwe?

Mimi ni muuguzi mjini Bukavu, na katika kituo chetu cha afya karibu kila wiki ninakutana na mgonjwa ambaye amekunywa mululuza, yale majani machungu ya dawa, au amejifukiza kwa mikaratusi kwa muda mrefu kabla ya kufika. Simgombezi kwa hilo, kwa maana kikohozi cha mafua kwa kawaida huisha chenyewe, na asali au mvuke humpa mtu nafuu ya kweli kooni. Kinachonitia wasiwasi ni hesabu ya siku, kwa kuwa kikohozi kinachodumu kinaweza kuwa cha kifua kikuu.

Mwanamke mmoja, muuza nguo sokoni Kadutu, alianza kukohoa na siku ya tano akaanza majani. Usiku wa wiki ya pili alilala vizuri, akaamini kwamba amepona. Nilipomuuliza, «Mama, nafuu hiyo ilidumu siku ngapi?» alijibu, «Nne tu, daktari.» Alifika kwetu katika wiki ya saba, akiwa amekonda na akiamka usiku nguo zimelowa jasho.

Nafuu ile ndiyo iliyomchelewesha. Mvuke hulegeza makohozi na asali hutuliza koo, lakini vijidudu vya kifua kikuu hukaa ndani ya mapafu na huongezeka polepole sana, hivyo kikohozi chake kinaweza kupungua na kurudi bila ugonjwa wenyewe kuguswa. Kwa sababu hiyo sisi hatuhesabu kuanzia siku dawa ya majani ilipoanza, bali kuanzia siku ya kwanza ya kukohoa: zikitimia wiki mbili, makohozi yapimwe. Damu katika makohozi, homa ya jioni, kukonda, au kuishi na virusi vya Ukimwi haviruhusu kusubiri hata hizo wiki mbili. Vivyo hivyo kwa aliyekaa nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu.

Asubuhi, kabla ya kula, mama huyo alisukutua mdomo kwa maji, akavuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha akakohoa kutoka kifuani. Mate matupu hayafai, na hapo ndipo sampuli nyingi huharibika. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili, na huonyesha pia kama vijidudu vinaikaidi rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Vyake havikuikaidi, akaanza dawa za miezi sita, ambazo hutolewa bure.

Nilimwomba aache mululuza katika miezi hiyo, kwa sababu dawa zenyewe huweza kuumiza ini, na macho yakigeuka manjano ni lazima tujue chanzo ni kipi. Mkojo mwekundu-chungwa hautishi. Ni rangi ya rifampisini.

Wiki saba zile mtoto wake wa miaka mitatu alilala naye kitanda kimoja. Tulimchunguza, hatukuona dalili, tukamwanzishia dawa za kinga.