Kupanga machapisho mapema: kinachokubalika na kinachofungisha ukurasa

Kupanga machapisho ni kuandika tangazo leo, kisha kuuachia mtandao ulitoe siku na saa uliyochagua. Kwa mwenye duka la vitenge pale Birere, mjini Goma, faida yake inaeleweka haraka. Jumapili jioni umeme upo na mega zimenunuliwa, basi anaandaa matangazo ya wiki nzima kwa mkao mmoja. Jumatano umeme ukikatika, tangazo la Jumatano linatoka vilevile.

Linatoka kwa sababu halikai tena kwenye simu yake. Akishabonyeza kitufe cha kupanga, picha na maneno hupanda hadi kwenye kompyuta za Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp. Akitumia kifaa cha kampuni nyingine, kama Buffer au Hootsuite, hupanda kwenye kompyuta za kampuni hiyo, nayo huyapeleka Meta saa ikifika. Simu inaweza kuzimwa, kuibiwa au kukosa mtandao, na tangazo likatoka. Shikeni jambo hili, kwa sababu ndilo linaloleta manufaa na ndilo linaloleta hatari nitakayoieleza mbele.

Kuna wanaoamini kwamba chapisho lililopangwa hupewa watu wachache wa kuliona. Hofu hiyo haina msingi. Meta yenyewe hutoa chombo cha kupanga bila malipo, kinaitwa Meta Business Suite, na haina sababu ya kumwadhibu mtu kwa kutumia chombo ilichompa. Adhabu hutoka kwingine: kwenye kile ambacho kifaa kinafanya kwa jina lako, na njia kinayopitia kukifanya.

Kifaa halali hupita mlango rasmi. Ukikiunganisha na ukurasa wako, hakikuombi neno la siri la Facebook. Kinakupeleka kwenye skrini ya Facebook yenyewe, na huko ndiko unakoingia na kusema: nakiruhusu kichapishe kwenye ukurasa huu, basi. Ruhusa hiyo ina mipaka. Tangu tarehe 1 Agosti 2018, programu za nje haziruhusiwi kupitia mlango huo kuchapisha kwenye akaunti ya mtu binafsi. Na tangu tarehe 22 Aprili 2024, Meta iliziondolea pia ruhusa ya kuchapisha ndani ya magrupu. Kilichobaki wazi kwa Facebook ni ukurasa, na kwa Instagram ni akaunti ya kikazi.

Kutokana na hilo mtu anaweza kukitambua kifaa kibaya kabla hajakigusa. Kikiahidi kukuchapishia kwenye magrupu 50 kwa mara moja, ujue hakipiti mlangoni. Ama kitakuomba neno lako la siri, ama ni kipande cha programu kinachobandikwa kwenye Chrome na kutumia Facebook uliyokwisha kuifungua, kikijifanya ni wewe unayebonyeza.

Tuchukue duka letu la Birere tulifuate hatua kwa hatua. Kijana anayemsaidia mama mwenye duka anaweka kipande hicho kwenye kompyuta. Anaandika tangazo moja: picha ya kitenge, bei, namba ya WhatsApp. Kipande kinafungua grupu la kwanza, kinabandika, kinabonyeza, kinaenda la pili, la tatu, kila baada ya sekunde chache. Facebook inaona akaunti moja, picha ileile, maneno yaleyale, mwendo uleule, kwenye magrupu ambayo mengine akaunti hiyo haijawahi kuandikamo hata neno. Ni mwenendo wa watuma taka, na mashine za Facebook zimefundishwa kuutafuta. Kikomo ni machapisho mangapi? Facebook haitangazi namba, kwa hiyo anayekuuzia "namba salama" anakuuzia alichobuni.

Dalili huja polepole. Kwanza machapisho mengi yanaanza kusubiri kibali cha wasimamizi wa magrupu. Kisha linatokea onyo kwamba umezuiwa kuchapisha kwenye magrupu kwa muda. Baadaye Facebook inaweza kukuomba uthibitishe wewe ni nani. Mwisho, akaunti inafungwa. Wengi hufikiri itafungwa ile ya kijana tu na ukurasa wa duka utabaki salama. Ukurasa unaweza kubaki kweli, lakini unaendeshwa kupitia akaunti ya mtu. Kama kijana alikuwa msimamizi peke yake, mama anaweza kujikuta na ukurasa unaoonekana na wateja wote, na hakuna mkono unaoweza kuandika humo wala kujibu. Kuurudisha ni kazi ndefu isiyo na uhakika. Kwa hiyo hata anayefuata sheria zote aweke wasimamizi wawili, kila mmoja kwa akaunti yake halisi.

Njia nzuri ya magrupu ni ya mkono. Tangazo linatoka kwenye ukurasa kwa kupangwa, kisha mtu analipeleka mwenyewe kwenye magrupu matatu au manne ambamo kweli huuza, akiandika juu yake sentensi inayowahusu wa grupu hilo. Ni kazi ndogo, na naamini inauza zaidi ya ile ya magrupu 50, kwa kuwa watu wa grupu wanamjua anayeandika.

Mpaka ninaoutumia kuamua ni huu: mashine itoe maneno yako kwenye nyumba yako, isijifanye mtu mbele ya watu wengine. Kupanga chapisho kwenye ukurasa wako kuko upande wa kwanza. Kupiga laiki, kufuata watu na kuacha maoni kwa mashine kuko upande wa pili. Novemba 2018 Instagram ilitangaza kwamba itaondoa laiki, ufuasi na maoni yaliyoletwa na programu za namna hiyo, na kuwaambia waliozitumia wabadilishe neno la siri, maana walikuwa wamelikabidhi kwa wageni. WhatsApp nayo inakataza kutuma ujumbe kwa wingi kwa mashine zisizo rasmi. Anayefungiwa namba ambayo wateja wake wote wanaijua anapoteza duka lake la mtandaoni kwa siku moja. Ukitaka kuwajulisha wateja wengi, programu ya WhatsApp Business ina orodha ya matangazo, na ujumbe wake huwafikia wale tu walioiweka namba yako kwenye simu zao. Kizuizi hicho kinakulinda na wewe.

Kuna pia maneno ya kuomba yanayorudiwa kila siku: "Weka laiki kama unampenda mama yako", "Tagi marafiki watatu". Desemba 2017 Facebook ilisema itayashusha machapisho ya aina hiyo, na ukurasa unaoyarudiarudia utashushwa wenyewe. Hapa kupanga mapema kunazidisha kosa, kwani ni rahisi kunakili sentensi moja ikajaa mwezi mzima.

Mambo mengine hayaadhibiwi na mtandao, ila wateja huyaona mara moja. Mteja anaandika usiku: "Mama, kile kitenge cha bluu bado kipo?" Jibu linaruka sekunde hiyohiyo: "Asante kwa kutuandikia! Tutakujibu hivi punde." Asubuhi hakuna aliyejibu. Anauliza tena baada ya siku chache, anapata sentensi ileile. Jibu la mashine liseme jambo la kweli na la maana: duka linafunguliwa saa ngapi, nani anajibu, na lini. Kisha mtu ajibu kweli.

Saa nayo husumbua huku kwetu kuliko watu wanavyodhani. Kongo ina saa za aina mbili: Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Vifaa vingi vya nje vinakuuliza uchague eneo kwenye orodha, na mtu akiona Africa/Kinshasa anachagua hilo kwa kuwa ni mji mkuu. Basi tangazo alilolipanga litoke 18:00, watu wakirudi kutoka kazini, huku Goma linatoka 19:00. Chagua Africa/Lubumbashi, kisha panga chapisho moja la nusu saa mbele ulitazame likitoka.

Bei sipendi iingie kwenye foleni ndefu ya machapisho yaliyopangwa. Bei ya franga ikipangwa Jumapili inaweza kuwa imekufa Ijumaa kwa kuwa dola imepanda, na mteja anafika na simu mkononi kudai ile aliyoiona.

Sasa ile hatari niliyoitaja mwanzo. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 jioni, Nyiragongo ililipuka na lava ikashuka kuelekea Goma. Watu walikimbia usiku, wengine kuelekea Rwanda, wengine Sake. Tarehe 27 serikali ya mkoa iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe. Ukurasa wa mji huu uliokuwa na foleni ya wiki mbili usiku ule ungeendelea kuchapisha: "Jumapili njema, njooni dukani, punguzo lipo!" Anayeusoma akiwa barabarani na watoto hatafikiri juu ya foleni. Atafikiri mwenye duka hana utu. Na mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano, umeme na intaneti vilikatika mjini. Siku kama hizo mwenye ukurasa hawezi kuzuia kitu, kwa sababu machapisho yake yako kwenye kompyuta za mbali zinazoendelea kufanya kazi.

Ndiyo maana kwa miji yetu foleni isizidi wiki moja, na msimamizi wa pili akae mji mwingine. Kama duka liko Goma, awe ndugu wa Bukavu au Lubumbashi. Mfundishe jambo moja kabla ya yote: kufungua kalenda ya machapisho yaliyopangwa na kuyaondoa. Vifaa vingine vina kitufe cha kusimamisha foleni yote, lakini kwenye Meta Business Suite ajiandae kufungua moja moja, kulisogeza mbele au kulifuta. Mkubaliane pia kwamba haombi ruhusa. Akisikia mlio mbaya kutoka mjini kwenu, anafuta kwanza, mtaongea baadaye.

Na kama tayari kuna kifaa kisicho halali kimeingia, fuata mpangilio huu. Anza kwa kukiondoa kwenye Chrome, maana ukibadilisha neno la siri kikiwa bado pale, kitaendelea kutumia Facebook utakayofungua upya. Kisha badilisha neno la siri na uifunge akaunti kwenye simu na kompyuta zote ilikofunguliwa. Halafu nenda kwenye mipangilio, sehemu ya Business Integrations, uondoe kila programu usiyoijua. Kubadilisha neno la siri hukata pia ruhusa za vifaa halali, kwa hiyo kama unatumia Buffer au Hootsuite, viunganishe upya siku hiyohiyo na uhakikishe machapisho ya kesho bado yamo, kwa sababu yakishindwa kutoka huenda usijulishwe.